UZI: Memo ya kuhama skimu ya pensheni, naomba muisome kabla sijaibandika ukutani

Mdhamini_Godauni (Mombasa)

Habari zenu wakuu. Mimi nafanya kazi kampuni moja ya maghala hapa Mombasa, tuko watu kama 140 hivi, na mwaka juzi wenzangu walinichagua niwe mdhamini wa skimu yetu ya pensheni kwa upande wa wanachama. Sasa wadhamini tumekubaliana kuifunga hii skimu yetu ndogo tuhamie skimu ya mwamvuli, ile ya waajiri wengi kwa pamoja, kwa sababu sisi wenyewe twalipa mkaguzi, twalipa msimamizi, twalipa meneja wa mfuko na mtunza mali, na kwa watu 140 gharama hizo zinatafuna faida kila mwaka. Maombi yako tayari kwa RBA, mamlaka inayosimamia skimu za pensheni. Mimi nimepewa kazi ya kuandika memo kwa Kiswahili maana ile ya Kiingereza iliyotoka kwa msimamizi kurasa nne hakuna mtu wa godauni aliyeisoma hadi mwisho.

Nimeandika hivi:

*MEMO KWA WAFANYAKAZI WOTE*
*Kuhusu: kuhama skimu ya pensheni*

*Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 michango yenu na ya kampuni itaingia skimu mpya. Makato ya Juni ndiyo ya mwisho kwenye skimu ya zamani. Kiwango hakibadiliki, wewe asilimia 5 ya mshahara wa msingi na kampuni asilimia 7.5. Akiba yako yote itahamishwa kwenda skimu mpya na haitakatwa kodi kwa kuhama.*

*Unachotakiwa kufanya: kwanza chukua taarifa yako ya tarehe 31 Desemba 2025 kutoka ofisini, ikague, na kama ina kosa ulete kwa maandishi kabla ya Ijumaa tarehe 29 Mei. Pili jaza fomu ya uanachama mpya na fomu ya warithi, ambatisha kopi ya kitambulisho na PIN ya KRA, urudishe kabla ya Ijumaa tarehe 12 Juni.*

*Kuanzia 1 Julai hadi 30 Septemba hakuna malipo yatakayotoka kwenye skimu wakati hesabu zikihamishwa.*

Basi. Nataka kuibandika Jumatatu tarehe 4 Mei. Nisomeeni mnionyeshe palipo na shimo, hizi ni pesa za watu wa kubeba magunia miaka 20, sitaki mtu aje kuniambia hakuelewa.

---

Kijana_Changamwe

mi ndo nasoma hapa nimeshtuka, kwaiyo tunatolewa NSSF?? maana kwenye slipu yangu nakatwa 2,880 ya NSSF na pia ile ya kampuni 2,400, sasa hii ya NSSF inahamia wapi, na nani kaulizwa

---

Mdhamini_Godauni

Hapana ndugu yangu NSSF, ile akiba ya lazima ya serikali, haiguswi kabisa, hii ni ile nyingine ya kampuni ya 2,400. Kumbe wewe pia ni wa kwetu? Mshahara wa msingi 48,000 bila marupurupu? Maana hesabu inakuja vizuri: sehemu ya kwanza ya NSSF ni asilimia 6 ya 9,000 za mwanzo ambayo ni 540, sehemu ya pili ni asilimia 6 ya zile 39,000 zilizobaki ambayo ni 2,340, jumla 2,880, na kampuni nayo inakulipia kiasi hichohicho.

Lakini umenisaidia, kama wewe umechanganya basi na wengine 50 watachanganya. Naongeza sentensi juu kabisa.

---

Kijana_Changamwe

si wa kwenu mi niko kampuni nyingine lakini mshahara ndo huohuo haha. sawa nimeelewa. ila wengi hatujui tuna akiba mbili, mtu anaona makato tu

---

Mama_Hesabu (Nairobi)

Mdhamini, hongera kwa kuandika kwa lugha ambayo watu wanaisoma. Mimi nimefanya kazi kwenye ofisi ya usimamizi wa pensheni miaka 19 na nimehamisha skimu nyingi kama yenu, kwa hiyo niruhusu niseme wazi. Sentensi yako yenye hatari zaidi ni ile fupi, "akiba yako yote itahamishwa". Yote ni kiasi gani? Mwanachama ana karatasi ya 31 Desemba mkononi, pesa zinaondoka Julai au hata Agosti, na katikati hapo kuna miezi ambayo hakuna karatasi inayoionyesha. Malalamiko mengi niliyowahi kuyapokea baada ya kuhama yalizaliwa kwenye miezi hiyo.

Chukua huyo kijana wa 48,000. Tuseme taarifa yake ya Desemba inasema 612,400. Yeye anachanga 2,400 na kampuni 3,600, kwa hiyo 6,000 kwa mwezi, na Januari hadi Juni ni 36,000. Sasa riba ya mwaka kwa kawaida hutangazwa baada ya hesabu za mwaka kukaguliwa, na nyinyi mnaondoka katikati ya mwaka, kwa hiyo wadhamini lazima wapitishe riba ya muda kwa hiyo nusu mwaka. Tuseme wamepitisha asilimia 8 kwa mwaka. Nusu yake ni asilimia 4, ukizidisha na 612,400 unapata 24,496. Michango mipya nayo inapata kidogo, kwa kuwa ya Januari imekaa miezi mitano, ya Februari minne, mpaka ya Juni ambayo haijakaa kitu, inakuja kama 600. Ukijumlisha vyote, huyu mtu anatakiwa aonekane kwenye skimu mpya na 673,496.

Sasa angalia. Akifungua skimu mpya akaona 648,400, ujue riba ya nusu mwaka imeachwa nyuma. Akiona 667,496 ujue mchango wa Juni haujafika, na huo ndio unaopotea mara nyingi kwa sababu makato ya Juni hulipwa mwanzoni mwa Julai wakati faili la kuhamisha limeshakwisha kutengenezwa. Hayo mtu anaweza kuyaona mwenyewe bila kujua uhasibu, mradi umempa karatasi ya kulinganisha.

Kwa hiyo memo yako iwe na ahadi ya tatu, yenu nyinyi, si ya wanachama: tarehe ambayo kila mtu atapewa karatasi moja yenye salio la Desemba, michango ya miezi sita, riba ya muda, na salio la kuanzia kule mpya. Memo nyingi zinampa mfanyakazi tarehe za mwisho na hazimpi mwajiri hata moja.

---

Mdhamini_Godauni

Dah, hapo umenishika. Riba ya muda hatujaipitisha hata kwenye kikao. Naandika sasa hivi kwa katibu iingie ajenda.

Na swali jingine, pesa zetu ziko kwenye mfuko wa dhamana wa kampuni ya bima, ule ambao salio halishuki. Hakuna shida kutoka humo sivyo?

---

Mama_Hesabu

Hapo ndipo ungeanzia! Dhamana ya salio huwa ni kwa mtu anayestaafu, anayefariki, anayeacha kazi. Skimu nzima ikitoka siku moja ni jambo jingine, soma mkataba wa bima yenu kwenye kifungu cha kujitoa. Mara nyingi kuna muda wa notisi, na kuna haki ya kampuni ya bima kulipa kwa awamu au kulipa kulingana na thamani ya soko kama mali zilizonunuliwa zimeshuka bei siku hiyo. Yaani vitabu vyaweza kusema milioni 100 na mkapokea pungufu. Siyo kila mara, nimeona skimu zikitoka na thamani yote, lakini barua ya kuthibitisha kiasi iwepo mkononi kabla hujaandika neno "yote" ukalibandika ukutani.

---

Mzee_Tononoka

Vijana mwasema maneno mengi, mimi nawaambia jambo moja. Skimu ikifungwa mtu ana haki ya kuchukua pesa zake. Ndugu yangu wa damu alikuwa hoteli moja Diani, skimu yao ikahama na yeye akachukua chake akajenga nyumba Ukunda. Memo iseme wazi wenye kutaka pesa zao wapewe, wasilazimishwe.

---

Mama_Hesabu

Shikamoo mzee. Naomba nikuulize, huyo ndugu yako alibaki kazini baada ya pesa kutoka?

---

Mzee_Tononoka

Marahaba. La, hoteli ilipunguza watu mwaka uleule, akatoka.

---

Mama_Hesabu

Basi ndiyo hivyo mzee wangu. Alilipwa kwa sababu aliacha kazi, na aliyeacha kazi kabla ya umri wa kustaafu anaruhusiwa kuchukua sehemu kwa mujibu wa kanuni. Kuhama skimu ukiwa kazini kwa mwajiri yuleyule si kuacha kazi, pesa zinatoka mfuko mmoja uliosajiliwa kuingia mwingine uliosajiliwa, na ndiyo maana hata kodi haiguswi, maana wewe hukuzishika.

---

Mzee_Tononoka

Nimekusikia mwanangu. Lakini bado naona pesa ya mtu ni ya mtu, miaka yote anaambiwa ngoja. Haya.

---

Ringo_wa_Athi

Mimi nina yangu tofauti kidogo lakini inaingia hapa. Nilichukua mkopo wa nyumba benki na nikaweka pensheni yangu kama dhamana, ile asilimia 60 inayoruhusiwa, wadhamini wakasaini barua kwa benki. Sasa na sisi tunahama skimu mwezi wa tisa. Pesa zikihama ile barua inakuwaje? Benki hawajaniambia kitu na kazini wananiambia uliza benki.

---

Mama_Hesabu

Barua ilisainiwa na wadhamini wa zamani na inahusu salio la skimu ya zamani. Wadhamini wapya hawajakubali chochote kwa benki mpaka nao wasaini. Kwa hiyo benki lazima ijulishwe kabla ya kuhama na dhamana iandikwe upya. Kuna barua nyingine zinasema kabisa salio lisihamishwe bila benki kukubali kwa maandishi, kwa hiyo akaunti yako yaweza kubaki nyuma wakati wenzako wote wameshavuka. Tafuta kopi yako uisome aya kwa aya, sitaki kukubahatishia bila kuiona.

Mdhamini, hiyo nayo ni sentensi moja kwenye memo: mwenye mkopo wa nyumba uliodhaminiwa na pensheni amuone fulani kabla ya tarehe fulani.

---

Mdhamini_Godauni

Tunao watatu nawajua. Nitaweka 29 Mei na wao pia.

---

Bint_Temeke (Dar)

Mimi ni wa huku Tanzania sheria zetu ni tofauti lakini ngoja nichangie la kwangu. 2018 mifuko ya pensheni ilipounganishwa, PPF, PSPF, LAPF na GEPF ikawa PSSSF kwa watumishi wa umma, na sisi wa sekta binafsi tuliokuwa PPF tukapelekwa NSSF ya huku. Mi nilikuwa sina presha, nikasema wataalamu watahamisha. Nimekuja kuomba taarifa yangu miaka mitatu baadaye nakuta miezi 14 haipo. Sio kwamba imepotea wakati wa kuhama, mwajiri wangu wa zamani alikuwa anakata kwenye mshahara na hapeleki, ni vile tu sikuwahi kukagua kabla, na yeye alishafunga ofisi. Nilikuwa na slipu za mshahara za miezi 5 tu, hiyo mingine nimebaki nayo mdomoni.

Kwaiyo hiyo ya "ikague taarifa yako" mimi ningeiweka herufi kubwa na niwaambie watu waje na slipu zao za mshahara, walinganishe mwezi kwa mwezi, sio kuangalia jumla chini na kusema ah iko sawa. Jumla haikuonyeshi mwezi uliorukwa.

---

Mama_Hesabu

Pole sana dada. Na hiyo ndiyo sababu ya kukagua KABLA. Ukishahama, skimu mpya inajua tu salio ililopokea, mfumo wao hauna historia ya mwezi kwa mwezi ya miaka ya nyuma, na skimu ya zamani ikishafungwa wadhamini hawapo tena wa kumuuliza.

---

Mwana_wa_Lamu

Assalaam aleykum. Swali langu ni la fomu ya warithi. Mimi nilijaza ile ya kwanza 2011 nikaweka mke na mama. Mama ashatangulia mbele ya haki, na sasa nina wake wawili na watoto watano. Nikiacha ile ya zamani ihamie si yatosha, na wagawane kisharia kwa kadhi?

---

Mama_Hesabu

Waaleykum salaam. Hapo kuna mambo mawili. La kwanza, fomu ya zamani haihami. Pesa zinahama, fomu inabaki kwenye kabati la skimu iliyofungwa, na kule mpya wewe ni mtu asiye na mrithi aliyeandikwa mpaka ujaze nyingine. La pili, mafao ya kifo kutoka skimu hayaingii kwenye mali ya marehemu inayogawanywa mahakamani, sheria ya RBA inasema hivyo kwenye kifungu cha 36A, wadhamini ndio wanaolipa kwa kufuata kanuni za skimu na kile ulichoandika. Ukiwa umeandika mke mmoja tu, huyo wa pili na wanawe wataanza safari ndefu. Andika kila mmoja kwa jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, na asilimia zijumlike 100. Wa chini ya miaka 18 andika na mlezi.

---

Mwana_wa_Lamu

Shukran. Lakini mafungu ya sharia je, niyaandike mwenyewe kwa asilimia? Maana mafungu yajulikana siku mtu amekufa na waliobaki hai, siyo leo.

---

Ustadh_Majengo

Hapo ndugu yangu kuna khilafu. Kuna wanaosema hiyo ni pesa ya marehemu, irudi kwenye mirathi kama mali nyingine, na anayeandikwa ni wakili wa kupokea tu kisha agawe. Na kuna wanaosema sehemu ya mwajiri ni hiba inayotolewa na skimu baada ya kifo, hivyo yafuata masharti ya mtoaji. Muulize kadhi wa kwenu, na ukipata jibu waambie hao wake zako wote wawili ukiwa hai.

---

Mama_Hesabu

Upande wa sharia nawaachia nyinyi. Kwa upande wa skimu najua kwamba wadhamini hawawezi kusoma nia ambayo haikuandikwa.

---

Kijana_Changamwe

na wale wameacha kazi zamani lakini pesa yao iko bado humo, wanaenda wapi? binamu yangu aliacha 2019 akachukua ya kwake kidogo akaacha ingine, yuko Doha saa hizi, memo ya ukutani ataionea wapi

---

Mdhamini_Godauni

Uwiii. Tuko nao 31 hao kwenye daftari, sikuwafikiria hata mmoja. Nimewaita "wafanyakazi wote" na wao si wafanyakazi ila ni wanachama kamili. Itabidi tuwapigie na kuwatumia meseji, nambari nyingi zitakuwa zimebadilika najua.

---

Mama_Hesabu

Watafuteni sasa. Kuna wengine mtawapata kupitia wenzao wa zamu, wasap ya kazi, hata msikitini na kanisani. Mkishafunga bila kuwapata majina yao yataingia orodha ya mafao yasiyodaiwa, na familia nyingi hazijui hata kwamba orodha hiyo ipo.

Na jambo moja la mwisho kwangu: waambie ukweli kwamba kule kwenye mwamvuli hawatachagua mdhamini tena kama walivyokuchagua wewe. Gharama zitashuka ndiyo, lakini wanapoteza mtu wa kumsimamisha pale getini na kumuuliza. Omba kampuni iunde kamati ndogo ya wanachama ya kupokea ripoti, waajiri wengi wanakubali ukiomba mapema.

---

Mdhamini_Godauni

Nimekaa nayo usiku mzima jana. Nabadilisha hivi, hizi ndizo sehemu mpya tu:

*Memo hii inahusu skimu ya pensheni ya kampuni, yale makato ya asilimia 5. NSSF haibadiliki. Kuhama huku si kuacha kazi, kwa hiyo hakuna atakayelipwa taslimu.*

*Akiba yako ya hadi 30 Juni itahamishwa pamoja na riba ya muda itakayopitishwa na wadhamini. Ijumaa tarehe 16 Oktoba 2026 kila mwanachama atapewa karatasi inayoonyesha salio la Desemba, michango ya Januari hadi Juni, riba hiyo, na salio lililofunguliwa kwenye skimu mpya. Hesabu zisipolingana, njoo na karatasi hiyo pamoja na taarifa yako ya Desemba.*

*Njoo kukagua taarifa ukiwa na slipu zako za mshahara. Angalia kila mwezi, jina, nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa. Mwisho 29 Mei. Mwenye mkopo wa nyumba uliodhaminiwa na pensheni aje kabla ya tarehe hiyohiyo na barua ya benki.*

*Fomu ya warithi uliyojaza zamani HAIHAMI. Usipojaza mpya kufikia 12 Juni, kule hutakuwa na mrithi aliyeandikwa.*

*Atakayestaafu au kuacha kazi kati ya sasa na Septemba aje ofisini mapema, maana malipo yatasimama miezi mitatu.*

*Ukimjua mtu aliyeacha kazi hapa na hakuchukua pesa zake zote, mpe habari hii au utuletee nambari yake.*

Neno "yote" nimelitoa mpaka kampuni ya bima ijibu. Barua nimeipeleka leo mwenyewe kwa mkono nikagongewa muhuri.

---

Bint_Temeke

Hapo sasa mtu wa kawaida anaelewa. Ile ya HAIHAMI iweke hata rangi nyekundu.

---

Ringo_wa_Athi

Nimeipata ile barua ya benki kwenye sanduku. Aya ya nne inasema salio "lisihamishwe wala kupunguzwa bila ridhaa ya maandishi". Kesho naenda tawini.

---

Kijana_Changamwe

mi nimeenda kuchukua taarifa yangu leo kwa sababu ya huu uzi, sisi hatuhami lakini nikasema nikague tu. nambari ya kitambulisho imekosewa tarakimu moja, tangu 2021. na mwezi wa nne 2023 uko tupu. slipu ya mwezi huo ninayo lakini wino umefifia, yasomeka jina na makato tu, yatosha hiyo?

---

Mama_Hesabu

Ipige picha leo kabla haijafifia zaidi, na benki yako ikupe taarifa ya mwezi huo ionyeshe mshahara halisi ulioingia. Viwili hivyo kwa pamoja wapelekee wadhamini kwa maandishi, ubaki na kopi iliyogongwa muhuri.